Barua kwa meneja: kwa nini kasi ya mkaguzi wa fomu imeruka mara mbili

Kisumu,
17 Machi 2025.

Kwa Meneja wa Kazi za Nyanjani.

Bi. Meneja,

MINT: KASI YA MKAGUZI K07, WIKI YA 10 HADI 14 MACHI

Ripoti ya Ijumaa inasema mkaguzi K07 alipitia fomu 42.2 za mahojiano ya wakulima kwa saa. Wiki iliyotangulia alikuwa 21.4, na alipokuwa na kundi la Bondo alikuwa akicheza kati ya 20 na 22. Wakaguzi wenzake hawakusogea. Umeuliza kama anaidhinisha fomu bila kuzisoma, na swali hilo ni la haki kwa takwimu kama hizo.

Jibu ni kwamba anazisoma. Alikagua fomu 771 kwa saa 35.5, yaani 21.7 kwa saa. Ripoti ilizihesabu 727 kati ya hizo mara mbili, kwa sababu ya mabadiliko yaliyofanywa Jumatatu kwenye jedwali la wahojaji, jedwali ambalo mkaguzi hana hata ruhusa ya kulifungua. Nimeeleza hapa njia nzima ya kulifikia jibu hilo, kwa sababu dalili hii ina visababishi kadhaa vinavyofanana usoni, na kimojawapo kweli ni uzembe wa mkaguzi. Atakayekutana nayo tena baada ya msimu huu aweze kuvitenganisha.

Kwanza, je, idadi hiyo inawezekana?

Kabla ya kufungua kompyuta kutafuta kosa, chukua kalamu ufanye hesabu ya ghala. Mwenye ghala la mahindi anajua kwamba magunia yaliyotoka hayawezi kuzidi yaliyokuwamo ukijumlisha yaliyoingia. Foleni ya fomu ni vivyo hivyo. Jumatatu asubuhi foleni ya K07 ilikuwa na fomu 62. Kati ya Jumatatu na Ijumaa seva ilipokea fomu 790 kutoka kwa kundi lake. Jumla ni 852, na hizo ndizo fomu zote alizoweza kuzigusa hata angekesha.

Ripoti inadai amekagua 1,498. Hapo ndipo inapoanguka. Mkaguzi mzembe anaweza kubonyeza "idhinisha" haraka apendavyo, lakini hawezi kuidhinisha fomu ambazo hazijafika.

Ijumaa jioni foleni ilibaki na fomu 81. Toa 81 kwenye 852, unapata 771. Idadi halisi ilipatikana hapo, bila amri yoyote ya kompyuta. Ningependa hesabu hii iwe ya kwanza kila mara kasi ya mtu inapopanda, kwa sababu inachukua dakika tano na inamwokoa mtu asiitwe ofisini bure.

Ina mpaka wake. Kama foleni ingekuwa na mlundikano wa fomu 2,000, idadi ya 1,498 ingewezekana na hesabu isingemtetea wala kumshtaki mtu. Hapo unakwenda moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Pili, kilichobadilika ni cha juu au cha chini?

Kasi ni fomu kugawanya kwa saa. Ikipanda mara mbili, ama fomu zimeongezeka, ama saa zimepungua. Watu hukimbilia fomu na kuzisahau saa. Saa zetu hutoka kwenye kumbukumbu za mkaguzi kuingia na kutoka kwenye mfumo, na zina udhaifu unaojulikana: mtu akikaa bila kugusa kitu kwa muda fulani, mfumo humhesabu kama ametoka. Mtu akifupisha muda huo kutoka dakika 30 hadi 5, saa za kila mkaguzi zitapungua siku hiyo hiyo, na kasi za wote zitapanda pamoja.

Kwa K07 saa zilikuwa 35 wiki ya kwanza na 35.5 wiki ya pili. Cha chini hakikusogea. Tatizo liko juu, kwenye fomu.

Kuna fununu kwamba huenda ni tofauti ya saa za seva. Seva hutunza muda kwa `UTC`, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hivyo saa mbili asubuhi ya Kisumu huandikwa `05:00` na saa tatu usiku huandikwa `18:00`. Tarehe hubaki ile ile kwa yeyote anayefanya kazi kati ya saa tisa usiku na saa sita ya usiku unaofuata. Tofauti hiyo inaweza kusogeza kazi ya mkeshaji kutoka siku moja hadi nyingine, lakini haiwezi kuifanya jumla ya wiki iwe mara mbili. Tuiache.

Tatu, hesabu mistari, kisha hesabu fomu

Ripoti ya kasi huchukua jedwali la `ukaguzi`, ambalo lina mstari mmoja kwa kila uamuzi wa mkaguzi juu ya fomu, na kuliunganisha na jedwali la `wahojaji` ili kujua fomu ilitoka kaunti ndogo gani. Kisha inahesabu mistari. Swali la kuiuliza ni moja: je, idadi ya mistari ni sawa na idadi ya nambari za fomu zisizojirudia?

```sql
SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT u.fomu_id)
FROM ukaguzi u
JOIN wahojaji w ON w.mhojaji_id = u.mhojaji_id
WHERE u.mkaguzi = 'K07'
  AND u.muda >= '2025-03-10 00:00+03'
  AND u.muda <  '2025-03-15 00:00+03';
```

Majibu yalikuwa 1,498 na 771. Ya pili ni ile ile iliyotolewa na foleni, na hesabu mbili zilizopita njia tofauti zikikutana mahali pamoja, hapo pana ukweli.

Bado hatujajua kwa nini zinajirudia, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Ni rahisi kuandika `DISTINCT` kwenye ripoti, idadi ikashuka, kila mtu akaridhika. Lakini `DISTINCT` inaficha jeraha tu. Siku ripoti hiyo itakapojumlisha dakika badala ya kuhesabu fomu, dakika zitajirudia vilevile, na safari hii hakutakuwa na kinga, kwa sababu huwezi kuondoa dakika zinazofanana: fomu mbili tofauti zinaweza kuchukua dakika tatu kila moja kwa haki kabisa.

Kwa hivyo angalia umbo la kujirudia. Uliza ni fomu ngapi zimetokea mara moja, ngapi mara mbili, ngapi mara tatu na kuendelea. Umbo hilo linataja kisababishi karibu kwa jina.

Fomu zikitokea mara moja, mbili, tatu, hata tano, kila nyumba kivyake, jua kuna aliyeunganisha ripoti na orodha ya vipande vya shamba. Fomu yetu humwuliza mkulima kila kipande alicho nacho, na programu ya kukusanyia data hutoa orodha hiyo kama jedwali la pembeni, mstari kwa kila kipande, ukielekezwa kwa fomu mama kupitia safu ya `PARENT_KEY`. Mwenye vipande vitano anakuwa fomu tano.

Fomu zikitokea mara mbili lakini muda wa mistari hiyo miwili ukatofautiana kwa saa au siku, basi mkaguzi aliigusa fomu mara mbili kwelikweli: aliirudisha kwa mhojaji, ikarekebishwa, akaiidhinisha. Hilo si kosa la data. Ni swali la ufafanuzi, kama tunalipa uamuzi au tunalipa fomu.

Na fomu zikitokea mara mbili kamili, muda wa mistari yote miwili ukiwa ule ule hadi elfu ya sekunde, uamuzi ni mmoja na kuna jedwali lililougawanya. Binadamu hawezi kufanya maamuzi mawili ndani ya elfu moja ya sekunde. Fomu za K07 zilikuwa na umbo hili: 727 mara mbili, 44 mara moja, hakuna hata moja mara tatu.

Nne, nani hakujirudia?

Zile 44 ndizo zilizonionyesha njia. Zinazojirudia zilikuwa nyingi mno kuonyesha kitu, ila zile chache zilizosalimika zilikuwa na kitu kimoja cha pamoja: zote ziliandikwa na mhojaji mmoja. Kundi hili lina wahojaji 18. Walianza kazi katika kaunti ndogo ya Gem tarehe 3 Machi, na tarehe 10 Machi wahojaji 17 kati yao walihamishiwa Ugunja. Mmoja alibaki Gem kumaliza vijiji vilivyosalia. Ndiye mwenye zile 44.

Ukifungua jedwali la `wahojaji`, kila mmoja wa wale 17 ana mistari miwili. Wa kwanza unasema yuko Gem kuanzia 3 Machi, na safu ya `hadi` ni tupu. Wa pili unasema yuko Ugunja kuanzia 10 Machi, na safu ya `hadi` ni tupu pia. Aliyesajili uhamisho aliongeza mstari mpya, jambo ambalo ni sahihi kwa sababu tunahitaji historia, lakini hakuufunga wa zamani. Kwa kompyuta, mhojaji huyo yuko Gem na Ugunja kwa wakati mmoja. Fomu yake moja inapotafuta mwenyewe, inampata mara mbili, na ripoti inaandika mistari miwili.

Hii pia ndiyo sababu aliyepanda ni K07 peke yake. Wakaguzi wengine wanapokea fomu za makundi ambayo hayakuhamishwa wiki hiyo. Kosa la jedwali lilivaa sura ya mtu mmoja.

Tano, kipimo kinachomaliza ubishi

Kama mtu bado ana shaka, endesha ripoti ile ile juu ya wiki ambayo ilikwisha kuchapishwa. Karatasi ya wiki ya 3 hadi 7 Machi iko kwenye faili: fomu 748, saa 35, kasi 21.4. Nilipoiendesha upya leo bila kubadilisha herufi, ilitoa fomu 1,455 na kasi 41.6.

Wiki iliyokwisha haiwezi kuongezeka kazi. Ikiwa namba za zamani zimebadilika bila mtu kukagua fomu mpya, basi kilichobadilika ni kipimo. Kinyume chake pia ni cha kweli na kina uzito: kama wiki ya zamani ingebaki 748 na wiki mpya ikasimama kwenye 1,498 za nambari tofauti, ningeandika barua nyingine kabisa.

Kama ingekuwa kweli

Tuseme foleni inalingana, saa hazijabadilika, fomu hazijirudii, na kasi bado ni 42. Hapo bado kuna mambo mawili. Kazi yenyewe inaweza kuwa nyepesi: fomu za ziara ya pili ambazo zina maswali machache, au nyumba zisizo na shamba ambazo fomu yake huishia ukurasa wa kwanza. Linganisha kasi kwa kila aina ya fomu kando. Kasi ya kila aina ikiwa haijabadilika na mchanganyiko tu ndio umegeuka, mkaguzi hana kosa la kujibu.

La pili ni kubonyeza bila kusoma, na linajitokeza mahali pawili. Angalia muda unaopita kati ya uamuzi mmoja na unaofuata. Wastani wa kati wa K07 ni dakika 2 na sekunde 31, na hakuna msururu wa maamuzi ya sekunde chache. Anayebonyeza tu huacha misururu: fomu ishirini kwa sekunde nne nne, hasa kabla ya chakula cha mchana na Ijumaa jioni. Kisha angalia sehemu ya fomu anazorudisha. K07 alirudisha 67 kati ya 748 wiki ya kwanza na 71 kati ya 771 wiki ya pili, karibu asilimia 9 zote mbili. Anayeacha kusoma huacha pia kurudisha, na asilimia hiyo huporomoka.

Tahadhari moja hapa. Muda kati ya maamuzi upimwe kwenye jedwali la `ukaguzi` peke yake. Ukiupima baada ya kuunganisha, karibu nusu ya mapengo yatakuwa sifuri, na mtu asiyejua atayasoma kama ushahidi wa uzembe. Asilimia ya kurudisha ina udanganyifu wa upande wa pili: inabaki karibu ile ile hata fomu zikijirudia, kwa sababu juu na chini vimezidishwa pamoja, kwa hivyo haiwezi kukuonya kwamba idadi zimeharibika.

Kinachonitia wasiwasi kuliko kasi

Ripoti hii hii hutoa maendeleo kwa kaunti ndogo. Lengo la Ugunja ni fomu 1,400. Hadi Ijumaa ripoti ilionyesha Ugunja ina fomu 1,434 zilizokaguliwa, lengo limepitwa ndani ya wiki moja. Idadi ya kweli ni 668. Fomu 766 zilizobaki zilihojiwa Gem: 707 zilikaguliwa wiki ya kwanza, na 59 zilikuwa kwenye foleni ya Jumatatu. Kundi likiondolewa Ugunja kwa kuamini ripoti hiyo, karibu nusu ya nyumba tulizokusudia hazitafikiwa, na wakulima watakuwa wameshapanda kabla hatujarudi kuwauliza walichokuwa wakipanga. Naomba wahojaji wasihamishwe.

Sampuli ya ukaguzi wa pili pia ilichotwa hapo. Kumi kwa mia ya 1,498 ni 150, na ndani yake kuna fomu zilizochaguliwa mara mbili. Ilipaswa kuwa 77. Ichotwe upya kutoka kwenye jedwali la `ukaguzi`.

Marekebisho

Mpangilio una maana, kwa sababu hatua ya pili haiondoi kujirudia kwa fomu za Ugunja kabla ya ya kwanza. Kwanza, mistari 17 ya Gem ifungwe kwa kuandika `2025-03-10` kwenye safu ya `hadi`. Ndipo ripoti iunganishwe kwa tarehe:

```sql
LEFT JOIN wahojaji w
  ON  w.mhojaji_id = u.mhojaji_id
  AND u.tarehe_mahojiano >= w.kuanzia
  AND (w.hadi IS NULL OR u.tarehe_mahojiano < w.hadi)
```

Tarehe inayotumika ni ya mahojiano. Ukitumia tarehe ya ukaguzi, fomu iliyoandikwa Gem Ijumaa na kukaguliwa Jumatatu itahesabiwa Ugunja. Alama ya `<` nayo isibadilishwe kuwa `BETWEEN`, kwa sababu `BETWEEN` huhesabu ncha zote mbili, na fomu za tarehe 10 pekee zitaendelea kujirudia. Dalili yake ni Jumatatu iliyovimba huku siku nyingine zikiwa sawa.

`LEFT JOIN` iko hapo kwa sababu ya kosa la upande wa pili. Mtu akifunga mstari wa zamani tarehe 7 na kuufungua mpya tarehe 10, fomu za wikendi, na hata za Ijumaa yenyewe, hazitakuwa na mwenyewe. `JOIN` ya kawaida ingezitupa kimyakimya na kasi ingeshuka. Kwa `LEFT JOIN` zinabaki, zikiwa na kaunti ndogo tupu, na zinaonekana.

Mwisho, jedwali lenyewe likatae mhojaji kuwa na mistari miwili iliyo wazi. Kwenye `PostgreSQL`:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX mhojaji_hai
ON wahojaji (mhojaji_id)
WHERE hadi IS NULL;
```

Amri hii itakataliwa kama bado kuna mhojaji mwenye mistari miwili iliyo wazi, na kukataliwa huko ni uthibitisho kwamba hatua ya kwanza haijakamilika. Haizuii mistari miwili iliyofungwa yenye tarehe zinazopandana, kwa hivyo ripoti iendelee kulinganisha idadi ya mistari na idadi ya fomu kila Ijumaa, na ikatae kuchapisha zikitofautiana.

Nimejaribu marekebisho haya kwenye nakala ya data. Wiki ya 3 Machi imerudi kwenye 748, na wiki ya 10 Machi inatoa 771: Gem 103, Ugunja 668. Nangoja ruhusa yako kuyaweka kwenye data yenyewe, na naomba K07 aambiwe leo kwamba hakuna shauri juu yake, kwa kuwa anajua ripoti imekwisha kusomwa.

Wako mwaminifu,
Mchambuzi wa Data.